Kapsheni ya Kenta ya Mjomba: Kutangaza Nafasi za Wikiendi, Bei kwa Kilomita na Utunzaji wa Samani

Mjomba wangu ana Kenta moja na kirikuu moja, na kazi yake ni kuhamisha vyombo vya watu hapa Mbeya na miji ya jirani. Yeye yuko barabarani na vijana. Mimi ndiye ninayeshika simu na kuandika matangazo ya Instagram na stetasi za WhatsApp. Nimeamua kuandika jinsi ninavyotunga kapsheni ya tangazo la wikiendi, kwa sababu naona wenzetu wengi wenye magari mazuri na vijana hodari wanapoteza kazi kwenye maneno kabla hata injini haijawashwa.

Tangazo lililozoeleka mjini kwetu linakwenda hivi: "Tunahamisha vyombo popote Tanzania. Bei nafuu, vijana waaminifu, tunatunza mali yako kama yetu. Piga simu sasa." Mjomba alilipenda sana hilo la "popote Tanzania", na alilitumia kabla sijaanza kumsaidia. Simu zilikuwa zinaingia, tena nyingi. Ila sikiliza zilivyokuwa. Mtu anauliza bei. Unamwuliza anatoka wapi kwenda wapi. Anasema Ilomba kwenda Isyesye. Unamwuliza vyumba vingapi, lini, kuna ngazi au hakuna. Unamtajia bei, naye anauliza kama kuna punguzo, kama vijana wapo ndani ya hiyo bei, kama mvua ikinyesha itakuwaje. Mwisho anasema, "Sawa dada, nitakucheki." Wengi hawarudi. Wameshapiga kwa watu watatu wengine, na aliyewapa jibu lililonyooka ndiye aliyepata kazi.

Nikaanza kuandika maswali hayo kwenye daftari, kila simu na swali lake. Muda si mrefu ikaonekana kwamba watu wanauliza mambo matatu tu kwa namna tofauti: una nafasi lini, utanitoza kiasi gani mpaka kwangu, na kabati langu litafika zima? Kapsheni nzima naijenga juu ya hayo matatu, kwa mpangilio huohuo.

Kuna jambo la Instagram ambalo lazima ulijue kabla ya kuandika neno la kwanza. Kapsheni inaweza kufika herufi 2,200, kwa hiyo nafasi ya kueleza ipo ya kutosha. Lakini mtu anayepitisha kidole kwenye simu haoni yote. Anaona mistari kama miwili ya mwanzo, herufi mia moja na ishirini hivi, kisha maneno yanakatika na anatakiwa abonyeze ili aone zaidi. Salamu ndefu, vialama vya moto na "Habari wapendwa wateja wetu" vinakula mistari hiyo yote. Kwangu mistari miwili ya kwanza ni siku, mji na bei ya kuanzia, basi. Mwenye shida ya kuhama atayafungua yaliyobaki mwenyewe. Jambo jingine, kiungo ukikiweka ndani ya kapsheni ya Instagram hakibonyezeki. Namba ya WhatsApp iweke kwenye wasifu kama kiungo, na kwenye kapsheni mwelekeze mtu huko, au iandike kwa tarakimu ili aweze kuipiga.

Sasa twende kwenye nafasi za wikiendi, maana hapa kuna mambo ya Mbeya ambayo mtu wa mji mwingine asingeyajua.

Kuandika "tupo wikiendi" hakusaidii chochote. Mteja anataka kujua saa. Na saa ya kazi hii haihesabiki kwa kuangalia umbali peke yake. Nyumba ya vyumba viwili yenye sebule, ikiwa mwenyewe ameshafunga vitu vidogo kwenye maboksi, vijana watatu wanaipakia kwa saa moja na nusu mpaka mbili. Kushusha ni kama saa moja. Safari ya ndani ya mji inaweza kuwa ya dakika ishirini, au saa nzima ukikuta msongamano kwenye barabara kuu, hasa sehemu za Mwanjelwa na Mafiati. Ukijumlisha, kazi moja ya mjini inachukua saa nne. Kwa hiyo Kenta inabeba nafasi mbili kwa siku, ikibana sana tatu, na mimi natangaza mbili. Nafasi ya tatu naiacha kama pumzi ya siku, kwa sababu mteja wa asubuhi akichelewa kufunga vyombo, mteja wa mchana ndiye atakayekaa nje na magodoro yake akisubiri gari.

Halafu kuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ndiyo siku ambayo karibu kila mpangaji anataka kuhama, mkataba unaisha na mshahara umeshaingia. Na ndiyo siku ya usafi wa mazingira kitaifa. Asubuhi watu wanafyeka na kuzoa taka, maduka mengi yanafunguliwa kuanzia saa 4, na mwenye nyumba au mjumbe anaweza kukuzuia getini akikuuliza kwa nini unapakia vyombo wakati wenzako wako kwenye mtaro. Kwa hiyo Jumamosi hiyo nafasi yetu ya kwanza inaanza saa 4:30 asubuhi na naiandika hivyo wazi. Mteja mgeni anashukuru kuambiwa mapema.

Jumapili nayo ina mambo yake. Mbeya ni mji wa makanisa, Wamoraviani, Walutheri, Wakatoliki na wengine wengi, na mwenye nyumba mwenye ufunguo mara nyingi yuko ibadani hadi adhuhuri. Ukimpa mteja nafasi ya saa 2 asubuhi mtafika mkute geti lina kufuli. Upande wa pili kuna Wasabato, ambao Jumamosi hawahami kabisa na Jumapili asubuhi kwao ndiyo siku yenyewe. Kwa hiyo Jumapili naiandika nafasi ya asubuhi, lakini nyuma yake naweka maneno haya: "hakikisha ufunguo wa nyumba mpya unao mkononi tangu jana." Sentensi hiyo fupi imetuokolea mafuta mengi ya bure.

Bei ndiyo iliyotuchosha zaidi na ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Watu wengi wanatangaza "bei kulingana na umbali" na wanaishia hapo. Mteja akisoma hivyo anajua tu kwamba bei ipo kichwani kwa dereva na itapanda akionekana ana sofa nzuri. Wengine wanakwenda mbele kidogo, wanaandika "shilingi 2,500 kwa kilomita". Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa sababu hawajasema kilomita zinaanza kuhesabiwa wapi. Kutoka gari linapolala, au kutoka mlangoni kwa mteja? Na gari likirudi tupu, anayelipa ni nani? Namjua mama mmoja, mwalimu, aliyehamishwa na watu wengine kutoka mjini kwenda Mbalizi. Alielewa atalipia kwenda. Walipofika wakamdai na kurudi, vyombo vikiwa bado juu ya gari. Alilipa, angefanyaje, mvua ilikuwa inakuja. Lakini tangu hapo anawaeleza walimu wenzake wote.

Tulikaa na mjomba na daftari lake la mafuta tukafanya hesabu upya. Hoja yake ilikuwa kwamba gari haliwezi kutoka gereji yake bure, na ni kweli. Hoja yangu ilikuwa kwamba mteja hawezi kupima umbali kutoka gereji asiyoijua. Anaweza kupima kutoka mlango wake hadi mlango mpya, kwenye Google Maps, akiwa amekaa kitandani. Tukakubaliana kwamba gharama ya kufika kwa mteja aliye ndani ya mji, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, iingizwe kwenye bei ya kuanzia, na kilomita zihesabiwe mlango kwa mlango. Kurudi tupu kuingizwe kwenye bei ya kilomita, kusitajwe getini hata siku moja.

Tukapata hivi. Kenta ni shilingi 70,000 ya kuanzia, ndani yake kuna dereva, vijana watatu, kupakia, kushusha na kilomita 8 za kwanza. Baada ya hizo 8, kila kilomita ni shilingi 2,500. Kirikuu ni shilingi 35,000 pamoja na vijana wawili na kilomita 8 hizohizo, kisha shilingi 1,200 kwa kila kilomita inayozidi.

Kwa mfano, kuna mteja wetu mmoja aliyetoka Ilomba kwenda Tukuyu. Mlango kwa mlango zilikuwa kilomita 66. Toa 8 za mwanzo, zinabaki 58. Zidisha kwa 2,500, unapata 145,000. Ongeza 70,000 ya kuanzia, jumla shilingi 215,000. Hiyo ndiyo aliyoambiwa kwenye simu na ndiyo aliyolipa.

Je, mjomba alipata kitu? Kwenda na kurudi ni kilomita 132. Kenta yetu kwenye ile njia ya kupanda kutoka Uyole kupitia Igawilo hadi Isyonje, ikiwa imebeba, halafu ikirudi tupu, inakula wastani wa lita moja kwa kilomita 7. Hiyo ni karibu lita 19 za dizeli. Lita ikiwa shilingi 3,000, mafuta ni 57,000. Vijana watatu kwa siku hiyo 45,000, dereva 25,000. Jumla 127,000. Kinachobaki, 88,000, ndicho kinachobeba matairi, bima, oili, breki na riziki ya mjomba. Si faida ya kutisha, kwa sababu safari ya Tukuyu inakula siku nzima ya gari. Ndiyo maana anayetaka tushuke hadi 120,000 namweleza kwa heshima kwamba kwa bei hiyo gari linakwenda kwa hasara, na kwamba anayeikubali bei hiyo ataidai fidia yake njiani kwa namna moja au nyingine.

Mfano kama huo sasa nauweka ndani ya kapsheni, mstari mmoja. Nimeona wazi kwamba bei ya kuanzia peke yake haimshawishi mtu, na bei ya kilomita peke yake inamtisha, lakini akiona safari moja iliyohesabiwa hadi mwisho anaichukua kalamu na kuhesabu ya kwake. Anayepiga simu baada ya hapo anasema, "Dada, nimepiga hesabu nimepata elfu tisini na tano, ni sawa?" Mazungumzo ya namna hiyo yanaisha kwa dakika mbili na kianzio kinatumwa.

Mpangilio huu una mpaka wake, na mpaka huo nauandika pia. Kwenda Iringa ni kilomita 330 hivi. Ukitumia kanuni ya mlango kwa mlango unapata zaidi ya laki nane na nusu, na kwa Kenta hiyo ni bei ya kumkimbiza mtu. Safari ndefu ina hesabu nyingine, kwa sababu gari linaweza kupata mzigo wa kurudia. Mjomba akienda Iringa anaweza kupakia mbao Mafinga wakati wa kurudi, na mzigo huo unambebea mteja sehemu ya gharama. Ila mbao hazipatikani kila siku, kwa hiyo huwezi kutangaza punguzo ambalo hujalipata. Naandika tu: zaidi ya kilomita 100, tupigie siku tatu kabla tutafute mzigo wa kurudi.

Na kuna suala la tarehe. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mji una bei yake. Posti ya Instagram haifi. Mtu anaweza kuikuta baada ya miezi minne na akakudai bei ya zamani, akikuonyesha kwa kidole. Kwa hiyo kila tangazo la bei lina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo kwa kawaida ni Jumanne kabla ya Jumatano ile. Bei ya dizeli isipobadilika sana tunairudia bei yetu ileile na tarehe mpya.

Upande wa samani, ninaamini hapa ndipo waandishi wengi wa matangazo wanapowanyima watu haki yao. "Tunatunza mali yako kama yetu" ni ahadi isiyopimika. Mteja hawezi kukuuliza baadaye kwa nini hukuitimiza. Mimi naandika vitu anavyoweza kuviona kwa macho yake gari likiingia uani: mablanketi mangapi, turubai lipo, kamba za manila zipo, mfuko wa boli upo. Asipoviona, ana haki ya kukataa tusipakie.

Twende kwenye kabati, kwa sababu ndilo linaloumiza watu. Makabati ya kwetu ni ya namna mbili. Lipo la mninga au mkongo, zito, linalohitaji vijana wanne kwenye ngazi. Hilo halivunjiki ovyo. Adui yake ni mikwaruzo, na dawa yake ni blanketi nene linalofungwa kwa kamba mahali ambapo kamba haigusi ukingo. Kama limepakwa vanishi karibuni, usilizungushie nailoni moja kwa moja. Vanishi isiyokauka vizuri, na kwenye baridi letu la Juni na Julai inachelewa kukauka, inashika alama za nailoni na za nyuzi za blanketi, na alama hizo hazitoki kwa kufuta. Weka shuka laini la pamba kwanza.

La pili ni lile la nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa, mafundi wanaliita emdiefu, linalouzwa likiwa linang'aa kama jipya siku zote. Hilo lina magonjwa matatu. Ukilikokota sakafuni, miguu na ukingo wa chini vinamung'unyika. Likinyonya maji kwa chini linavimba na halirudi tena. Na ukilifungua kusudi lipite mlangoni, skrubu zake zinaporudishwa kwenye matundu yaleyale hazishiki kama mwanzo, kwa sababu tundu limeshalika. Kijana makini anagundua kwa mkono: skrubu inazunguka bila kukaza. Hapo anatakiwa kusimama na kumwita mwenye mali, asilazimishe. Njia ya kufanya ni kulibeba zima pale inapowezekana, droo zikiwa zimetolewa, mikono ikishika chini na si kwenye kona za juu, na likipandishwa garini likae juu ya mbao au mkeka, lisikae juu ya bati lenye unyevu. Ikibidi kulifungua, mteja anaambiwa kabla kwamba linaweza kulegea. Nauweka mstari huo kwenye kapsheni bila kuona haya. Mjomba aliogopa kwamba utawafukuza wateja. Umefanya kinyume chake, watu wananiambia, "Angalau nyie mmesema ukweli."

Yule mteja wa Tukuyu alikuwa na kabati la namna hiyo, milango mitatu na kioo katikati. Asubuhi Ilomba kulikuwa na jua. Mjomba hata hivyo alitandika turubai dogo chini kwenye bodi ya gari kabla ya kitu chochote kupanda, kisha akaliacha kubwa likiwa limekunjwa juu ya kichwa cha gari, tayari. Kioo kilitolewa, kikazungushiwa blanketi na kusimamishwa kwa ukingo kati ya magodoro mawili, kwa sababu kioo kikilazwa, tuta moja tu linatosha kukimaliza. Boli za kitanda ziliingia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ukafungwa kwenye mbao ya kichwani ya kitanda chenyewe. Friji lilisimama wima nyuma ya kichwa cha gari, likakazwa kwa kamba mbili. Walipofika juu Isyonje ukungu ulikuwa umefunga na mvua ya Rungwe ikaanza, ile isiyouliza ni mwezi gani. Turubai kubwa likashushwa na kufungwa kwa dakika chache. Tukuyu walishusha vitu vikavu.

Mteja akataka kuwasha friji palepale ili nyama isiharibike. Kijana akamwomba asubiri. Friji likibebwa limelala au limeinama, oili ya kompresa inaweza kuhama kwenda kwenye mabomba, na ukiliwasha mapema kompresa inaweza kufa. La kwake lilisimama njia nzima, lakini barabara ile ina miinamo na mtikisiko, na kuliacha litulie saa kadhaa hakugharimu kitu. Mteja huyo aliwapa ndizi na chai, akasema "ndaga fijo", na jioni alinitumia picha ya kabati likiwa limesimama ukutani. Aliniruhusu kuitumia. Picha hiyo, ya kabati lililofika, imefanya kazi kuliko picha ya Kenta iliyooshwa.

Kuna mstari mmoja wa mwisho kwenye upande wa samani: kikivunjika itakuwaje. Sisi tunapiga picha kila kitu kikubwa kabla ya kupakia, mteja akiwepo, na mkwaruzo wa zamani unaonyeshwa hapohapo. Kikivunjwa na vijana wetu tunalipia fundi wa kukirekebisha. Pesa taslimu, dhahabu, vyeti na simu mteja abebe mwenyewe, hatuvipokei. Ni sentensi tatu tu, na zinaondoa shaka kwa pande zote mbili.

Hii hapa kapsheni niliyoandika kwa wikiendi ya mwisho wa Februari, jinsi ilivyotoka:

"KUHAMA MBEYA, Jumamosi 28 Februari na Jumapili 1 Machi. Kenta kuanzia 70,000, kirikuu kuanzia 35,000, vijana wamo.

Nafasi zilizobaki: Jumamosi saa 4:30 asubuhi (baada ya usafi) na saa 9 alasiri. Jumapili saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Hakikisha ufunguo wa nyumba mpya unao tangu jana yake.

Bei: inahesabiwa kutoka mlango wako hadi mlango mpya. Kilomita 8 za kwanza zimo kwenye bei ya kuanzia. Kila kilomita inayozidi: Kenta 2,500, kirikuu 1,200. Gari kurudi hulipii. Mfano: Ilomba hadi Tukuyu, kilomita 66, Kenta 215,000, hakuna nyongeza. Ghorofa ya kwanza na kuendelea, tuambie mapema tuongeze kijana, ni 15,000. Zaidi ya kilomita 100, piga siku tatu kabla.

Samani: turubai chini na juu, mablanketi kwa kila kabati na meza, vioo vinasimama, friji linasimama, boli za kitanda zinafungwa kwenye kitanda chenyewe. Kabati la emdiefu tunalibeba zima. Likilazimika kufunguliwa linaweza kulegea, tutakuuliza kwanza. Tunapiga picha kabla ya kupakia. Tukivunja, tunalipia fundi. Pesa, dhahabu na vyeti beba mwenyewe.

Kushika nafasi: tuma video fupi ya vyombo na mahali unapokwenda kwa WhatsApp, namba ipo kwenye wasifu. Kianzio 20,000. Bei hizi ni hadi Jumanne 3 Machi."

Ile video fupi ni ya lazima, na watu wanaipenda kuliko kuulizwa vyumba. "Chumba kimoja" cha mwanafunzi wa MUST ni godoro, meza na begi, kirikuu inatosha na nafasi inabaki. "Chumba kimoja" cha mtu aliyepanga miaka sita kinaweza kuwa na makabati mawili, friji na sofa za watu watano, na hapo ni Kenta. Video ya nusu dakika inanionyesha hilo, inanionyesha na upana wa mlango, na kama njia ya kuingilia ni ya udongo. Njia za udongo za Isyesye na Itezi mvua ikinyesha usiku zinakuwa utelezi, na Kenta iliyobeba ikiteleza hapo siku imekwisha. Nikiiona njia ya namna hiyo namwambia mteja tuchukue nafasi ya mchana, jua likishaikausha kidogo.

Kapsheni ikishapanda kazi yangu haijaisha. Nafasi ikichukuliwa naihariri posti palepale, naandika "imejaa" mbele ya saa ile, na stetasi ya zamani naifuta, kwa sababu hudumu saa 24 na mtu anaweza kuiona jioni akapiga akitumaini. Wikiendi hiyo ya Februari nafasi ya Jumapili saa 2 ndiyo iliyokwenda kwanza. Aliyeichukua ni familia ya Kisabato kutoka Sae. Jumamosi saa 9 ilibaki hadi Ijumaa usiku, na nadhani ni kwa sababu watu wanaogopa kushusha vyombo gizani. Mwezi uliofuata niliisogeza iwe saa 8:30 na kuongeza kwamba gari lina taa ya kushushia. Mjomba anataka tuipunguzie bei nafasi hiyo ya alasiri badala ya kuisogeza. Mimi bado napinga, maana mteja wa asubuhi akijua kwamba wa jioni amelipa 60,000 kwa safari ileile, hesabu yetu ya kilomita haitaaminika tena.